Ubao Uliokatwa Kona Mbili

Mpwa wangu yuko darasa la sita, na hapendi kushindwa. Jumapili moja alikuja kwetu na mama yake, nikamwekea mezani vitu nilivyokata usiku kutoka kwenye boksi la televisheni: ubao wa miraba minane kwa minane, kila mraba sentimita 4 kwa 4, na vipande 31 vya mstatili, kila kimoja sentimita 4 kwa 8. Kipande kimoja kinafunika miraba miwili inayopakana, ukikilaza au ukikisimamisha. Nilifikiria kuazima ubao wa drafti na kete za dhumna za wazee wa barazani, lakini kete zao hazilingani na miraba ya drafti, tena seti moja ya dhumna ina kete 28 tu. Kazi hii inataka 31.

Ubao wenyewe nilikuwa nimeukata kona mbili zinazotazamana, ya chini kushoto na ya juu kulia. Miraba 64 ukitoa 2 inabaki 62, na 62 ukigawa kwa 2 unapata 31. Hesabu inakubali kabisa. Nikamwambia aujaze wote: vipande visipandane, visitokeze nje, na usibaki mraba wazi hata mmoja.

"Mjomba, hii rahisi," akasema.

Baada ya robo saa alikuwa ameshaweka vipande 30. Mkononi kimebaki kimoja, na ubaoni iko wazi miraba miwili, mmoja huku na mwingine kule. Akapangua vyote, akaanza upya kwa kuzunguka pembeni kwanza. Safari hii ikabaki miraba minne. Mara ya tatu ikabaki miwili tena, imekaribiana lakini inagusana kwa ncha tu, mmoja juu na mwingine chini yake kwa mshazari. Akakigeuza kile kipande cha mwisho huku na huku, akakiweka mezani. "Kuna mahali nakosea mwanzoni," akasema, "sijui wapi."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Mtu akishindwa mara tatu, kumi au mia, ana haki ya kudhani kwamba njia ipo ila yeye hajaiona. Na kwa ubao huu dhana hiyo ina nguvu, kwa sababu ubao mzima, usiokatwa kitu, unajazwa na vipande 32 kwa namna 12,988,816. Idadi hiyo inapatikana kwa kanuni iliyotolewa mwaka 1961 na Mholanzi Kasteleyn, na mwaka huohuo, kwa njia yao wenyewe, na Temperley na Fisher. Karibu namna milioni kumi na tatu! Ukikata kona mbili tu, ungetarajia zibaki namna nyingi, japo chache kuliko mwanzo. Haibaki hata moja.

Tunajuaje kwamba haibaki hata moja? Anza na ubao mdogo, ili uone kwa macho yako. Chora miraba minne kwa minne. Safu za wima ziite a, b, c, d kutoka kushoto, na za mlalo 1, 2, 3, 4 kutoka chini, kama wanavyofanya wachezaji wa sataranji. Kata a1 na d4. Inabaki miraba 14, na una vipande 7.

Itazame kona ya d1, iliyo chini kulia. Lazima ifunikwe, na majirani zake ni wawili tu, c1 na d2. Tuseme umekilaza kipande juu ya c1 na d1. Sasa b1 imebanwa: kushoto kwake a1 imekatwa, kulia c1 imechukuliwa, kwa hiyo kipande chake hakina budi kusimama na kufunika b1 na b2. Hapo a2 nayo inabanwa, maana chini yake hakuna kitu na b2 imekwenda. Inapanda na a3. Kona ya a4 inabaki na jirani mmoja, b4, inamchukua. Kisha c4, ambayo kulia kwake d4 imekatwa na kushoto b4 imechukuliwa, inashuka na c3. Umeweka vipande vitano, na baada ya kile cha kwanza hukuchagua chochote, umesukumwa tu. Sasa itafute b3. Juu yake b4 imefunikwa, chini b2 imefunikwa, kushoto a3, kulia c3, zote zimefunikwa. Mraba mmoja umezingirwa pande zote nne, na hakuna kipande kinachoweza kuingia hapo.

Rudi mwanzo, sasa kisimamishe kile kipande cha kwanza juu ya d1 na d2. Utasukumwa tena, safari hii kwa kuzunguka upande wa pili: d3 na c3, c4 na b4, a4 na a3, a2 na b2. Ukimaliza, mraba uliozingirwa ni uleule, b3. Njia zilikuwa mbili na zote mbili zimeziba. Kwa ubao wa nne kwa nne shauri limekwisha, na limekwisha kwa haki, maana hatukuacha njia bila kuipita.

Lakini jaribu kufanya hivyohivyo kwenye ubao wa nane kwa nane. Hatua ya kwanza inazaa mbili, kila moja inazaa nyingine, na katikati ya ubao kuna nafasi nyingi mno kiasi kwamba husukumwi tena. Unachagua, unachagua, na matawi yanaongezeka mpaka karatasi inakwisha. Tena hata ukiyamaliza yote, utakuwa umejibu ubao wa nane tu. Wa kumi kwa kumi unakusubiri, na wa mia kwa mia nyuma yake.

Basi nilimpa mpwa wangu penseli nyeusi. Ubao wangu haukuwa na rangi, na niliuacha hivyo makusudi. Nikamwambia apake mraba mmoja mweusi, unaofuata auache mweupe, kama ubao wa drafti, mpaka aumalize. Alipomaliza nikamuuliza: kipande kimoja, popote utakapokiweka, kinafunika rangi gani? Akakilaza hapa, akakisimamisha pale. "Mweusi mmoja, mweupe mmoja. Daima." Ni lazima iwe hivyo, kwa kuwa miraba miwili inayopakana kwa ubavu haiwezi kuwa na rangi moja. Kwa hiyo vipande 31 vitafunika miraba 31 myeusi na 31 myeupe, vyovyote utakavyovipanga.

"Sasa hesabu ulionao."

Akahesabu kwa kidole, safu baada ya safu. Myeupe 32. Myeusi 30. Akahesabu mara ya pili. Kisha akaziangalia zile kona mbili zilizokatwa, na nikaona uso wake umebadilika kabla hajasema neno. Kona zote mbili zilikuwa nyeusi.

Hapo ndipo kosa lake lilipoonekana halipo. Kila kipande alichoweka kilikula mweusi mmoja na mweupe mmoja, na baada ya vipande 30 ilikuwa lazima weusi wote 30 wawe wamekwisha na ibaki myeupe miwili. Myeupe miwili haipakani kwa ubavu kamwe. Ndiyo maana mara ya tatu ile miraba ilikuwa inagusana kwa ncha na kipande hakikuingia. Rudi pia kwenye ubao mdogo: b3, ule mraba uliozingirwa, ni wa rangi gani? Kona ya a1 ni nyeusi, b1 nyeupe, b2 nyeusi, b3 nyeupe. Ni wa upande ule uliozidi.

Kwa nini kona zinazotazamana ziwe za rangi moja? Hapa rangi inaonyesha asili yake, ambayo ni hesabu ya shufwa na witiri. Maneno haya Waislamu wanayajua kutoka kwenye sala za usiku wa Ramadhani, rakaa mbili za shufwa na moja ya witiri; skuli tunayatumia kwa namba zinazogawika kwa mbili na zisizogawika. Ukiupa kila mraba namba ya safu yake ya wima na namba ya safu yake ya mlalo, halafu ukazijumlisha, jumla ikiwa shufwa mraba ni mweusi, ikiwa witiri ni mweupe. Ukisogea hatua moja, kando au juu, jumla inapanda au kushuka kwa moja, na rangi inageuka. Kona ya chini kushoto ni 1 na 1, jumla 2. Ya juu kulia ni 8 na 8, jumla 16. Zote shufwa. Ubao ukiwa kumi kwa kumi jumla ni 2 na 20, na mia kwa mia ni 2 na 200. Hesabu ileile inazifunga mbao zote zenye ubavu wa shufwa kwa mkupuo mmoja, ilhali safari yetu ya kujaribu njia moja moja haikuvuka ubao wa nne.

Fumbo hili lilitolewa na mwanafalsafa Max Black katika kitabu chake cha mwaka 1946 kuhusu kufikiri kwa makini, na Martin Gardner akalisambaza kwa wasomaji wengi kupitia ukurasa wake katika jarida la Scientific American mwaka 1957. Lakini mtu aliyelitazama kwa jicho ninalolithamini zaidi ni John McCarthy. Mwaka 1964, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika waraka mfupi akilipendekeza kuwa mtihani mgumu kwa programu za kompyuta zinazotafuta uthibitisho. Sababu yake ni nzuri. Ukilieleza fumbo kwa kompyuta, utaitajia miraba, upakanaji na vipande, rangi haimo. Haikuulizwa, haihitajiki katika swali, na kipande cha boksi hakijali kimelalia rangi gani. Mwenye kutatua ndiye anayeileta kutoka nje. Kompyuta inayochambua yale tu iliyopewa inabaki na msitu wa matawi, kama mpwa wangu na vipande vyake.

Na je, rangi ni lazima? Swali hili aliliuliza yeye mwenyewe wakati tunakunywa chai. Ubao wangu ulikuwa mtupu, mjomba, na bado haujai. Kuna kitu kilikuwa kinauzuia hata kabla ya penseli. Ana haki, na upo uthibitisho mwingine unaotumia shufwa na witiri peke yake, bila kupaka kitu. Ni mrefu kidogo, lakini naupenda zaidi.

Tuseme ubao umejaa. Itazame safu ya chini kabisa, ambayo kona yake moja imekatwa, kwa hiyo ina miraba 7. Vipande vilivyolala ndani yake vinachukua miraba miwi-miwili, yaani shufwa. Saba ukitoa shufwa inabaki witiri. Miraba hiyo iliyobaki imefunikwa na vipande vilivyosimama, vyenye mguu katika safu ya kwanza na kichwa katika ya pili. Kwa mfano, vikilala viwili vinachukua miraba minne, na vinasimama vitatu.

Panda safu ya pili. Ina miraba 8 kamili, lakini witiri yake imeshachukuliwa na vichwa vilivyotoka chini, tuseme mitatu. Inabaki mitano. Vinavyolala vinachukua shufwa tena, kwa hiyo vinavyosimama kuelekea safu ya tatu idadi yake ni witiri tena. Safu ya tatu ni hivyohivyo, ya nne pia, mpaka juu. Katika kila mpaka kati ya safu na safu, vipande vinavyouvuka ni witiri. Mipaka iko saba. Jumlisha namba saba za witiri, unapata witiri. Kwa hiyo vipande vyote vilivyosimama, ubao mzima, ni witiri.

Sasa uzungushe ubao robo duara. Safu za wima zimekuwa za mlalo, na hali ni ileile: safu ya pembeni ina miraba 7 kwa kuwa nayo imekatwa kona. Maelezo yaleyale, neno kwa neno, yanaonyesha kwamba vipande vilivyolala navyo ni witiri. Witiri na witiri jumla yake ni shufwa. Lakini vipande ni 31, na 31 ni witiri. Ubao uliojaa ungelazimika kuwa na idadi ya vipande ambayo ni shufwa na witiri kwa pamoja, kwa hiyo haupo.

Msomaji makini atataka kujua kama hoja hii haikatazi kupita kiasi. Ijaribu kwa kukata kona mbili za upande mmoja, zote za chini. Safu ya kwanza sasa ina miraba 6, kwa hiyo vinavyosimama katika kila mpaka ni shufwa, na jumla yao ni shufwa. Ukizungusha, safu ya pembeni ina miraba 7, na vinavyolala ni witiri. Shufwa na witiri ni witiri, na 31 ni witiri. Hakuna pingamizi. Na kweli ubao huo unajaa: laza vipande vitatu katika safu ya chini, kisha vinne katika kila moja ya safu saba zilizobaki. 3 na 28 ni 31.

Kona mbili za upande mmoja ni za rangi tofauti, na hapo linazuka swali ambalo watu hulipita haraka. Rangi zisipolingana ubao haujai, hilo limekwisha. Je, zikilingana ubao unajaa? Ukikata mweusi mmoja na mweupe mmoja, popote pale, mwanahisabati Ralph Gomory ameonyesha kwamba ndiyo, na njia yake inashikika mkononi. Pita ubao mzima kwa kidole: anza a1, nenda kulia mpaka h1, panda safu ya h mpaka juu, ingia g, shuka mpaka g2 bila kugusa safu ya chini, ingia f, panda, endelea kupanda na kushuka hivyo mpaka ufike a8, ushuke mpaka a2, na hapo chini yake ni a1 ulipoanzia. Umepita miraba yote 64, kila mmoja mara moja, na umerudi nyumbani. Ni kama tasbihi ya punje 64, nyeusi na nyeupe zikipishana. Ng'oa punje moja nyeusi na moja nyeupe. Uzi unakatika vipande viwili, na kila kipande kikianza na nyeusi kinaishia na nyeupe, au kinyume chake, kwa hiyo punje zake ni shufwa. Zikiwa mbili ulizong'oa zinafuatana, unabaki na uzi mmoja wa punje 62. Vyovyote iwavyo, fuata uzi ukiweka vipande kimoja baada ya kingine, na ubao unajaa.

Nilimweleza hili mpwa wangu, akaliamini, akaondoka na ubao wake, vipande vyake na mkasi. Wiki iliyofuata alirudi. "Shikamoo mjomba," akasema, na kabla sijaitikia vizuri akaniwekea mbele ubao mpya aliouchora mwenyewe na kuupaka rangi, safari hii umekatwa miraba minne: d4, f6, b1 na a2.

"Hesabu rangi," akaniambia.

Nikahesabu. Myeusi iliyokatwa ni d4 na f6, myeupe ni b1 na a2. Imebaki 30 na 30, sawasawa. Vipande 30 vilikuwa vimepangwa pembeni, vinangoja.

"Zinalingana?"

"Zinalingana."

"Basi ujaze."

Nikachukua kipande cha kwanza, nikakipeleka kwenye kona ya a1. Juu yake palikuwa na tundu. Kulia kwake palikuwa na tundu.